Nani Aliyeandika Maneno Haya? Mwongozo Kamili wa Kupima Ushahidi wa Mtindo wa Uandishi

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1952, polisi mmoja alipigwa risasi akafa juu ya paa la ghala huko Croydon, kusini mwa London. Aliyefyatua alikuwa Christopher Craig, kijana wa miaka 16. Mwenzake, Derek Bentley wa miaka 19, alikuwa ameshakamatwa kama robo saa kabla ya risasi hiyo. Craig hakunyongwa kwa sababu ya umri wake. Bentley, aliyetiwa hatiani kama mshiriki wake, alinyongwa tarehe 28 Januari 1953.

Miongoni mwa vielelezo dhidi yake kulikuwa na maelezo ya maneno 582. Polisi waliapa kwamba Bentley aliyatoa mwenyewe, mfululizo, bila kuulizwa swali lolote, na wao waliandika tu alichosema. Bentley alikana: alisema aliulizwa maswali, na majibu yake yakashonwa pamoja yakawa simulizi. Karibu miaka 40 baadaye, mwanaisimu Malcolm Coulthard aliyachunguza maelezo hayo neno kwa neno ili kupima ni upande upi unaoungwa mkono na lugha yenyewe.

Shauri hili ndilo nitakalolifuata hatua kwa hatua, kwa sababu lina swali lililoulizwa vizuri, hesabu ambazo msomaji anaweza kuzikagua, na udhaifu ambao haujafichwa. Namwandikia wakili, mhariri, afisa utumishi au mtuhumiwa aliyewekewa mezani ripoti inayosema ujumbe fulani umeandikwa na fulani. Tusichanganye mambo: mtaalamu wa mwandiko huangalia umbo la herufi zilizoandikwa kwa mkono. Hapa tunazungumzia uchaguzi wa maneno, mpangilio wake na tahajia, hata kama matini yote yamechapwa kwa simu.

Hatua ya 1: Yaandike madai mawili yanayoshindana

Ripoti nyingi huharibika kabla hata mtaalamu hajahesabu neno moja, kwa sababu swali lake ni bovu. "Je, mtindo huu unafanana na wa mtuhumiwa?" si swali la kupima kitu. Watu wawili wanaozungumza lugha moja, waliosoma shule za aina moja na wanaofanya kazi ofisi moja, lazima wafanane kwa mengi.

Swali linalopimika lina pande mbili. Kwa Bentley, dai la kwanza lilikuwa hili: maneno haya ni simulizi ya mtu mmoja asiyeulizwa kitu. Dai la pili: polisi walishiriki kuyaunda, kwa maswali yao na kwa lugha yao. Angalia jinsi madai hayo yalivyobanwa. Coulthard hakuulizwa kama Bentley alikuwa na hatia, wala ni askari gani aliyeshika kalamu. Aliulizwa jambo ambalo lugha inaweza kulijibu.

Kwa hiyo ukipokea ripoti, tafuta kwanza sentensi mbili: upande mmoja unadai nani aliandika, na kama si yeye, basi ni nani mwingine? Upande wa pili ukiwa "mtu mwingine yeyote duniani", mtaalamu amejirahisishia kazi. Katika migogoro ya kweli washukiwa huwa wachache na wanafahamiana: ndugu wanaogombea wosia, wafanyakazi wa idara moja, wanachama wa kundi moja la WhatsApp. Kumtofautisha mtuhumiwa na hao ni kazi ngumu kuliko kumtofautisha na umma wote.

Hatua ya 2: Kagua matini yenyewe kabla ya mtindo

Kabla ya kuuliza nani aliandika, uliza maandishi haya yamefikaje mikononi mwetu. Mwaka 2010 mtu mmoja alifungua kesi huko New York akidai sehemu kubwa ya umiliki wa Facebook, na akatoa barua pepe alizosema aliandikiwa na Mark Zuckerberg miaka ya 2003 na 2004. Hazikuwa barua pepe halisi. Yalikuwa maneno ambayo, kwa madai yake, alikuwa ameyanakili na kuyabandika kwenye hati za kompyuta. Mtaalamu wa upande wa Facebook alilinganisha alama 11 za mtindo, zikiwemo alama za ritifaa na vidokezo vitatu mfululizo, akakuta 9 zinatofautiana na za Zuckerberg, akasema yaelekea si yeye aliyeziandika.

Sasa fikiri: programu ya kuandikia hati hurekebisha yenyewe ritifaa, vidokezo na herufi kubwa. Nani anajua alama zile zilikuwaje kabla ya kubandikwa? Kesi ilitupwa mwaka 2014 kwa sababu mkataba alioutegemea mdai huyo ulionekana kuwa wa kughushi, kutokana na uchunguzi wa hati na kompyuta. Hitimisho la mtaalamu wa mtindo huenda lilikuwa sahihi kabisa. Lakini jibu sahihi halithibitishi njia iliyotumika, na wanaisimu wenzake waliikosoa njia hiyo hadharani kwa udogo wa sampuli na kwa namna alama zilivyochaguliwa.

Kwetu mtego huu uko kila siku. Simu moja hutumiwa na watu wawili. Ujumbe unasambazwa kutoka kundi jingine. Kibodi inapendekeza neno, mtu analibonyeza. Mama anamwambia mjukuu amwandikie, na mjukuu anaandika kwa mtindo wake. Picha ya skrini haionyeshi lolote kati ya hayo, kwa hiyo dai mazungumzo yenyewe yaliyotolewa kwenye simu, pamoja na tarehe na saa.

Maelezo ya polisi ni suala la pekee, na hapa ndipo shauri la Bentley linapotugusa moja kwa moja. Tanzania, maelezo ya onyo ya mshukiwa mara nyingi huandikwa na askari. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inamtaka afisa anayemhoji mshukiwa aandike, kadiri inavyowezekana, maswali aliyouliza na majibu aliyopewa, na inatoa pia nafasi kwa mshukiwa kuandika maelezo yake mwenyewe. Ukiona maelezo ya kurasa nne yanayotiririka kama hadithi bila swali hata moja, jua kwamba unachosoma ni lugha ya watu wawili. Na kama mshukiwa alizungumza Kisukuma au Kijaluo na askari akaandika Kiswahili, kumtafuta mshukiwa ndani ya mtindo huo ni kupoteza muda.

Halafu angalia sampuli za kulinganishia, yaani maandishi ambayo hakuna anayebisha kuwa ni ya mtuhumiwa. Ziwe za aina ileile na za kipindi kilekile. Mtu huyohuyo huandika barua ya maombi ya kazi kwa namna moja na meseji ya usiku kwa rafiki kwa namna nyingine kabisa. Ukilinganisha meseji ya matusi na barua za ofisini, tofauti utakayoipima ni ya barua na meseji.

Urefu nao una kauli yake. Utafiti wa Maciej Eder uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba, kwa njia za kuhesabu maneno ya kawaida, riwaya zilihitaji sampuli ya karibu maneno 5,000 ndipo matokeo yatulie. Meseji ishirini mara nyingi hazifiki hata maneno 400. Hilo halimaanishi kwamba hakuna la kufanya. Ila mtaalamu anayetumia njia ya riwaya kwenye meseji ishirini lazima aonyeshe kwamba inafanya kazi huko, jambo tutakalolirudia.

Hatua ya 3: Uliza alama zilichaguliwa lini

Ukimpa mtu ujumbe wa matusi na meseji za jirani yako, ukamwambia "nadhani ni huyu", atapata mfanano. Ataona wote wanaandika "mana" badala ya "maana", wote wanaacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza, wote wanapenda "ila" kuliko "lakini". Tofauti kumi na tano zilizopo hazitamkaa machoni. Huo si uongo, ni jinsi akili ya mtu inavyofanya kazi akishaelekezwa pa kutazama.

Dawa yake inajulikana. Mtu mwingine, asiye mtaalamu mwenyewe, apokee jalada lote. Ampe mtaalamu ujumbe unaobishaniwa peke yake kwanza, naye aandike orodha ya alama anazoziona humo na aitie tarehe. Baadaye apewe sampuli za watu kadhaa, mtuhumiwa akiwa mmojawapo, zikiwa na herufi A, B, C na D badala ya majina. Taarifa za kesi, kama mtuhumiwa aliwahi kugombana na aliyetukanwa, zisimfikie. Hazimsaidii kusoma mtindo, zinamsaidia tu kukisia.

Ripoti iseme pia alama zilizotazamwa zikaachwa. Mtu akijaribu alama 60 na kuripoti 8 zilizolingana, msomaji ana haki ya kujua habari za zile 52.

Hatua ya 4: Pima uadimu, usiishie kwenye mfanano

Hapa ndipo Coulthard alipofanya kazi ambayo mpaka leo inafaa kusomwa na penseli mkononi.

Aliona kwamba neno la Kiingereza "then", kwa maana ya "kisha" au "halafu", limejaa katika maelezo ya Bentley. Limetokea mara 10 katika maneno 582, yaani mara moja kwa kila maneno 58. Je, hiyo ni kawaida? Aliyakusanya maelezo ya mashahidi watatu wa kawaida, jumla maneno 930 hivi, na humo neno hilo lilitokea mara moja tu. Kisha akachukua maelezo ya askari watatu, maneno 2,270 hivi, akakuta linatokea mara 29, yaani mara moja kwa kila maneno 78. Kwa kipimo hicho, maelezo ya Bentley yamesimama upande wa askari.

Lakini kilicho kizito zaidi ni mahali neno hilo lilipokaa. Mwingereza wa kawaida akisimulia husema "then I", "halafu mimi", neno la wakati likitangulia mtenda. Katika maelezo ya Bentley kuna mpangilio wa kinyume, "I then", mara 3. Coulthard alitafuta mpangilio huo katika hazina ya mazungumzo ya Kiingereza iliyojulikana kama COBUILD, yenye maneno milioni 1.5 ya lugha ya kusemwa, akakuta unatokea mara moja tu kwa kila maneno 165,000. Katika maelezo ya askari ulitokea mara moja kwa kila maneno 119. Kwa Bentley ni mara moja kwa kila maneno 194.

Sababu inaeleweka. Askari hufundishwa kuripoti tukio kwa mfuatano wa wakati usio na utata, na mazoea hayo yameunda lugha ya kazi yao. Kijana wa miaka 19 aliyekuwa na uwezo mdogo wa akili na ambaye hakujua kusoma vizuri hakuwa na pa kuyaokota mazoea hayo.

Coulthard aliona jambo jingine lisilohitaji hesabu. Maelezo yana sentensi za kukanusha ambazo msimuliaji hana sababu ya kuzisema, kwa mfano kwamba juu ya paa hawakuzungumza lolote, au kwamba hakujua Craig angetumia bastola. Mtu akisimulia peke yake hasemi yasiyotokea, kwa sababu yasiyotokea hayana mwisho. Huyasema anapoulizwa: "Mlizungumza nini mkiwa juu?" Na tofauti hiyo inauma. Kauli ya bastola ikisomwa kama simulizi, ni kana kwamba Bentley anakiri alijua bastola ipo. Ikisomwa kama jibu, inaonyesha tu kwamba kuna aliyeitaja kwenye swali.

Chukua kanuni iliyomo humo: alama ina uzito ikiwa mambo mawili yametimia pamoja. Mwandishi huyo huitumia mara kwa mara bila kuyumba, na wengine wanaoweza kuwa waandishi hawaitumii. "Xaxa" badala ya "sasa" ilikuwa alama ya kizazi kizima cha vijana wa simu. Kuikuta kwa mtuhumiwa na kwenye ujumbe hakumtofautishi na vijana wenzake hata kidogo. Ripoti isiyokuonyesha alama hiyo inapatikana kwa watu wangapi wengine, mimi huiweka pembeni nikasubiri sehemu hiyo iletwe.

Hatua ya 5: Zibane hesabu uone zinastahimili

Sasa tugeuke kuwa wapinzani wa Coulthard. "Mara moja kwa kila maneno 930" inasikika imara, lakini imesimama juu ya tukio moja tu, kwa watu watatu. Tukio moja lingeweza kwa bahati kuwa sifuri, au matano. Hesabu ya kawaida ya matukio adimu inasema hivi: ukihesabu tukio 1, kiwango cha kweli kinaweza kuwa popote kati ya matukio 0.025 na 5.6, ukitaka uhakika wa 95 kwa 100. Kwa maneno 930, hiyo ni kuanzia mara moja kwa maneno 167 hadi mara moja kwa zaidi ya maneno 36,000. Upana wa namna hiyo hauwezi kubeba kesi ya kunyongwa.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa "I then". Matukio 3 katika maneno 582: kiwango cha kweli ni kati ya matukio 0.62 na 8.8, yaani kati ya mara moja kwa maneno 66 na mara moja kwa maneno 940. Upande wa hazina kuna kama matukio 9 katika maneno milioni 1.5, na hata ukiyanyoosha kwa kadiri ya juu kabisa hufiki zaidi ya mara moja kwa maneno 88,000. Chukua pembe inayompendelea polisi pande zote mbili: 940 dhidi ya 88,000. Pengo bado ni la zaidi ya mara 90. Alama hii inastahimili kubanwa, ile ya kwanza haistahimili. Na kwa sura, zote mbili zinafanana.

Bado kuna swali moja ambalo hesabu haiwezi kulimaliza. Hazina ile ni ya mazungumzo, si ya maelezo ya kituo cha polisi. Huenda mtu yeyote anayeketi mbele ya askari hubadilika na kuanza kupanga "kisha, kisha". Kipimo kinachofaa zaidi ni maelezo ya mashahidi wa kawaida, na hayo Coulthard alikuwa nayo machache mno. Leo ningemtaka mtaalamu alete maelezo mia, si matatu.

Hatua ya 6: Njia ijaribiwe kwa maandishi ambayo jibu lake linajulikana

Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ya London ilisikia ushahidi wa njia iliyoitwa cusum, iliyochora mstari wa urefu wa sentensi na mstari wa tabia fulani za mwandishi, kisha ikatazama kama mistari miwili inaachana. Ilivutia kwa sababu ilitoa mchoro. Watafiti walipoijaribu kwa maandishi yenye waandishi wanaojulikana, katika miaka miwili mitatu iliyofuata, haikuweza kutenganisha waandishi kwa kutegemeka. Ilipaswa kujaribiwa kabla ya kufika mahakamani.

Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Daubert, iliwapa majaji maswali ya kuuliza kuhusu ushahidi wa kisayansi: je, njia imejaribiwa, imekaguliwa na wataalamu wengine, kiwango chake cha makosa kinajulikana, ina kanuni zinazoiongoza, inakubalika kwenye fani yake? Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 48, inaruhusu maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu wa sayansi au fani, lakini haiorodheshi maswali hayo. Hakuna kinachomzuia wakili wa Nairobi kuyauliza.

Jaribio lenyewe si fumbo. Tuseme mgogoro ni wa ujumbe wa maneno 300 kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Mtaalamu atafute watu 40 wa rika, elimu na eneo linalokaribiana na hao, waridhie kutoa meseji zao. Meseji za kila mtu zikatwe vipande viwili: kimoja cha maneno 300 kama "ujumbe unaobishaniwa", kingine kama sampuli ya kulinganishia. Kisha mtu mwingine atengeneze jozi, nusu za mtu mmoja na nusu za watu tofauti, azichanganye, na njia iseme jozi ipi ni ya mtu mmoja bila mtaalamu kujua jibu. Zihesabiwe aina mbili za makosa, kila moja peke yake: mara ngapi ilimtaja asiye mwandishi, na mara ngapi ilimkosa mwandishi wa kweli. Kosa la kwanza ndilo linalomfukuzisha mtu kazi.

Na usidanganyike na sifuri. Mtaalamu akisema amejaribu jozi 30 za watu tofauti na hakukosea hata moja, gawanya 3 kwa 30. Kiwango chake cha kweli cha makosa bado kinaweza kufika karibu 10 kwa 100. Akijaribu jozi 300 bila kosa, hapo dari inashuka hadi 1 kwa 100.

Kwa Kiswahili jaribio hili ni la lazima zaidi, kwa sababu njia nyingi zilitengenezwa kwa Kiingereza. Zinategemea kuhesabu maneno madogo ya kisarufi yanayojirudia bila mtu kujijua. Katika Kiswahili sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na viambishi. "Nitakupigia" ni neno moja lenye nafsi, wakati, mtendwa na mzizi. Programu inayokata matini kwenye nafasi italiona kama neno moja adimu, na itabaki na maneno madogo machache ya kuhesabu. Vipimo vinavyohesabu mifuatano ya herufi tatu au nne huweza kuyagusa "nita", "aka" na "ki", lakini navyo huvurugwa na mada: kundi linalojadili mishahara litafanana na lenyewe kwa sababu ya neno "mshahara".

Zaidi ya hapo, kiwango cha kulinganishia lazima kiwe cha mahali. Hazina ya matini ya Kiswahili ya Helsinki ina maneno milioni 25 hivi, na ni msaada mkubwa, ila imejaa magazeti na vitabu. Haikuambii ni Watanzania wangapi huandika "kwahiyo" kama neno moja kwenye meseji. Kinachoonekana adimu kwenye gazeti la Dar es Salaam kinaweza kuwa lugha ya kila mtu Mombasa, Eldoret au Goma. Mchunguzi asiyeijua lahaja ya mtaa huo atauchukulia mtaa mzima kuwa mtu mmoja.

Hatua ya 7: Soma hitimisho kwa jicho kali

Mtaalamu anaweza kusema jambo moja tu kwa uhalali: maandishi haya yanatarajiwa mara ngapi zaidi iwapo dai la kwanza ni kweli kuliko iwapo dai la pili ni kweli. Akisema "mfanano huu unatarajiwa mara 50 zaidi ikiwa mtuhumiwa ndiye mwandishi", hiyo ni kauli ya mtaalamu. Akisema "kuna uwezekano wa asilimia 98 kwamba ni yeye", ameingia kwenye kiti cha hakimu, na pengine amekosea hesabu.

Angalia jinsi 50 hiyohiyo inavyobadilika. Kama waliokuwa na nafasi ya kuandika ni watu 10, na hakuna ushahidi mwingine unaomtofautisha yeyote, uwezekano kwamba ni mtuhumiwa ni 50 kugawanya kwa 59, karibu asilimia 85. Kama ni kampuni ya watu 400, ni 50 kugawanya kwa 449, asilimia 11 tu. Mtindo haujabadilika hata nukta. Kilichobadilika ni idadi ya washukiwa, na hiyo hupatikana kwa ushahidi wa simu, zamu za kazi na nani alikuwa na nywila, vitu ambavyo mtaalamu wa lugha havijui.

Kwa Bentley, kauli halali ni kwamba lugha ya maelezo inatarajiwa zaidi sana ikiwa polisi walishiriki kuiunda kuliko ikiwa aliyatoa mfululizo peke yake. Hilo halisemi kwamba yaliyomo ni uongo. Mahakama ya Rufani ilifuta hatia yake tarehe 30 Julai 1998, na msingi mkuu ulikuwa namna Jaji Mkuu Goddard, aliyeendesha kesi ya awali, alivyowaelekeza wazee wa baraza kwa upendeleo. Ukisikia mtu anasema isimu ndiyo iliyomsafisha Bentley, ameipa zaidi ya ilichopata.

Ripoti ikikwama katika hatua ya 4 au ya 6, huna haja ya kuomba itupwe yote. Mwaka 2000 jaji mmoja wa mahakama ya shirikisho huko New Jersey alimruhusu mtaalamu aonyeshe mifanano kati ya maandishi, lakini akamkataza kusema ni nani aliyeandika, kwa kuwa njia ya kufikia hitimisho hilo haikuwa imethibitishwa. Ombi la namna hiyo ni rahisi kwa hakimu kulikubali, kwa sababu halimnyimi kuona maandishi kwa macho yake.

Ili ufike hapo unahitaji vitu vinne kutoka upande wa pili: sampuli zote zilizotumika, orodha ya alama yenye tarehe, matokeo ya majaribio pamoja na yale yaliyoshindwa, na kama kompyuta ilitumika, jina la programu, toleo lake na mipangilio yake. Viombe kwa maandishi wiki kadhaa kabla ya kusikilizwa. Mtaalamu wako atahitaji muda wa kurudia hesabu kuanzia mwanzo, na akipata namba tofauti, hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza mwenzake kizimbani.